Nukta Mahali pa Pau: Mfano wa Vilele 14

Je, ni kwa nini mtu anayepanga vitu vingi kwa ukubwa hushauriwa kutumia nukta au pipi za kijiti, yaani nukta zilizo kwenye ncha za mistari myembamba, badala ya pau?

Upau huonyesha thamani kwa urefu wake, na urefu huo hupotosha usipoanzia sifuri; nukta huonyesha thamani kwa mahali iliposimama, nayo inaweza kuwekwa kwenye kipimo kinachoanzia popote. Tofauti hii haimsumbui mtu mwenye vitu vinne. Vitu vikishapita kumi, hasa vikiwa vinakaribiana, ndiyo inayoamua kama mchoro utasomeka au hautasomeka.

Tuchukue vilele vya milima vinavyozidi mita 8,000 kutoka usawa wa bahari. Viko 14 duniani kote. Everest unaongoza kwa mita 8,849, ukifuatwa na K2 wenye 8,611, Kangchenjunga 8,586, Lhotse 8,516 na Makalu 8,485. Baada ya hapo orodha inashuka ghafla hadi Cho Oyu wenye mita 8,188, kisha inaendelea polepole hadi Shishapangma, wa mwisho, wenye mita 8,027. Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote katika orodha hii ni lile pengo la mita 297 kati ya Makalu na Cho Oyu, linalovigawa vilele hivyo katika makundi mawili: vitano vya juu, na tisa vilivyobanana chini yake.

Sasa tuvichore kwa pau za kulala, kwenye mhimili wa sentimita 15 unaoanzia 0 hadi mita 9,000. Upau wa Everest utafika karibu sentimita 14.7, na ule wa Shishapangma utafika 13.4. Pau zote 14 zitaonekana kama ubao mmoja mweusi ambao ncha yake imekatwa kwa mshazari kidogo, na lile pengo letu litakuwa na upana wa nusu sentimita tu. Hakuna kosa lolote lililofanyika; mchoro ni wa kweli kabisa, ila hausemi kitu, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya wino wake imetumika kurudia habari ambayo kila kilele kinayo.

Wengi wakifika hapo hufanya jambo moja: huuanzisha mhimili kwenye mita 8,000. Pengo linafunguka, lakini angalia kilichotokea kwa pau zenyewe. Shishapangma sasa una kipande cha milimita nne, na Everest una upau wa sentimita 12.7. Jicho huona kilele kimoja kikiwa kirefu kuliko kingine mara 31, hata kama namba za mhimili zimeandikwa kwa usahihi, kwa sababu msomaji huona umbo kwanza na namba baadaye. Hapa mchoraji hana njia nyingine ndani ya pau: ama aseme kweli isiyoonekana, ama aonyeshe tofauti kwa umbo linalodanganya.

Nukta humtoa kwenye mkwamo huo. Ukiweka nukta moja kwa kila kilele kwenye mhimili wa mita 8,000 hadi 9,000, pengo la Makalu na Cho Oyu linakuwa karibu sentimita nne na nusu, na makundi mawili yanajitenga yenyewe bila maelezo. Hakuna urefu uliochorwa, kwa hiyo hakuna urefu wa kudanganya. Msomaji analinganisha mahali pa nukta na mahali pa nukta nyingine. Mwaka 1984 watakwimu William Cleveland na Robert McGill, waliokuwa Maabara za Bell, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi mahali pa vitu kwenye kipimo kimoja kuliko urefu wa vitu visivyoanzia mstari mmoja au pembe. Ni haki kuongeza kwamba pau zinazoanzia mstari mmoja nazo husomwa kwa mahali pa ncha zake. Nukta inachofanya ni kubakiza ile ncha na kuondoa mwili.

Anayetumia lugha ya programu ya R yenye kifurushi cha michoro cha ggplot2 anahitaji mistari michache tu:

```r
ggplot(vilele, aes(x = urefu, y = reorder(jina, urefu))) +
  geom_point(size = 3) +
  scale_x_continuous(limits = c(8000, 9000))
```

Sehemu ya `reorder` isiachwe. Bila hiyo majina hupangwa kwa alfabeti, na nukta hutawanyika kama punje zilizomwagika. Mpangilio wa ukubwa ndio unaozifanya zifuate mkondo mmoja ambao jicho linaweza kuushika.

Na kile kijiti cha pipi? Kazi yake ni kuunganisha jina lililo kushoto na nukta iliyo mbali kulia, ili msomaji asipotee mstari. Lakini kijiti kina urefu, na mara tu unapokichora unarudi chini ya sharti la pau. Kwenye mhimili unaoanzia 8,000, kijiti cha Everest kingekuwa mara 31 ya kile cha Shishapangma, uongo uleule kwa wino mdogo zaidi. Kwa hiyo pipi ya kijiti inafaa pale tu mhimili unapoanzia sifuri. Mhimili usipoanzia sifuri, chora mstari mwembamba wa kijivu unaokatiza safu nzima, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukipita nyuma ya nukta. Mstari huo hauishii kwenye thamani, basi hakuna atakayeupima.

Pipi za kijiti zina mahali pake pazuri: vitu vingi, kwa mfano 40, vyenye thamani kubwa zinazokaribiana, na sifuri yenye maana. Pau 40 nyeusi zilizotenganishwa na nafasi nyeupe za upana uleule huonekana kama zinatetemeka, na macho huchoka kabla ya kufika katikati ya orodha. Vijiti vyembamba huondoa mtetemo huo na kuacha nafasi ya majina kusomeka.

Hata hivyo zina kasoro ambayo pau hazina. Upau una ncha kali, lakini thamani ya pipi iko katikati ya duara, na nusu ya duara imevuka thamani hiyo. Kwenye mhimili wetu wa kwanza, ambapo milimita moja ni mita 60, duara la milimita nne humfanya anayesoma ukingo wake badala ya kitovu akosee kwa mita 120. Punguza duara, hata kama kubwa linapendeza zaidi.

Nukta nazo zina ukomo. Dhaulagiri una mita 8,167 na Manaslu una 8,163. Hata kwenye mhimili wetu uliopanuliwa, mita nne hizo ni zaidi kidogo ya nusu milimita, ndogo kuliko upana wa nukta yenyewe. Msomaji ataziona zimesimama pamoja, na asingejua ni upi mrefu kama si mpangilio wa safu. Hapo andika namba kando ya kila nukta, kwa herufi ndogo.