Kotesheni mbili za tairi: ya bei ndogo inaweza kuwa ndo ghali

Mi kazi yangu ni tairi, kuvua, kuvalisha, kubalansi, na swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile, "fundi nimepewa bei mbili, nichukue ipi?" Alafu mtu ananionyesha simu, bei moja huku bei nyingine kule, basi. Hapo siwezi kumjibu kwa sababu hizo sio bei za kitu kimoja. Moja ni bei ya tairi ikiwa imelala kwenye shelfu na nyingine ni ya tairi ikiwa tayari kwenye gari inatembea.

Tuchukue mfano wa mteja mmoja alienijia na kotesheni mbili za tairi nne saizi 195/65R15. Sitaweka sarafu, tuseme tu tairi ya duka la kwanza ni 100 na vingine vyote tuvipime kwa hiyo 100. Duka la pili walimwambia 118 kila tairi. Kwa macho tu ya pili imezidi 18 kwa kila tairi, yani 72 kwa nne, na yeye alishaamua anaenda la kwanza.

Nikamwambia wapigie simu uwaulize mambo manne, mmoja mmoja, kuvalisha ni ngapi, balansi ni ngapi, valvu mpya zimo au hazimo, na tairi za zamani mkizichukua mnanikata kiasi gani. Duka la kwanza wakajibu kuvalisha 4, balansi 5, valvu 2, kutupa ya zamani 3, kila tairi. Hiyo ni 14 juu ya ile 100, kwahiyo 114, mara nne ni 456. Duka la pili wakasema 118 kila kitu kimo, mara nne 472. Ile tofauti ya 72 imebaki 16. Na hapo bado hatujaigusa tairi yenyewe.

Angalia sana neno "kufungiwa bure". Sehemu nyingi kufunga maana yake ni kuvalisha tairi kwenye rimu na kujaza upepo tu, balansi ni hesabu nyingine, we unakuja kugundua barabarani ukifika kama kilomita 90 kwa saa usukani unaanza kutetemeka mkononi. Uliza kwa neno lake kabisa, "balansi imo pamoja na vile vyuma vya uzito?" maana wengine wanahesabu mashine peke yake na vyuma peke yake.

Valvu ndo watu wanaidharau kuliko vyote kwa sababu ni kitu kidogo. Ile ya mpira inazeeka pamoja na tairi. Ikunje pembeni kwa kidole uangalie pale chini inapoingia kwenye rimu, ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, hiyo imekwisha hata kama leo haivuji. Kuna mama aliniletea gari lake, tairi mpya kabisa alizofungiwa sehemu nyingine wiki tatu tu nyuma, moja inashuka upepo kila baada ya siku mbili. Nikapaka maji ya sabuni, kwenye tairi hakuna kitu, kwenye shina la valvu mapovu yanatoka taratibu. Walimwachia valvu za zamani. Sasa ile valvu ya mpira huiwekei kwa nje, inavutwa kutokea ndani ya rimu, kwahiyo lazima ubandue tairi, uweke valvu, uirudishe, ubalansi tena. Kwa hesabu yetu alikwepa 2 akaja kulipa 11, na ukingo wa tairi ulishaanza kulika kwa kutembea na upepo mdogo. Kama gari lako lina sensa za upepo ndani ya rimu waambie mapema, maana zile nyingi zina valvu zake na vipira vyake vya kubadilisha, bei ni nyingine.

Ya kutupa tairi za zamani sina mengi, uliza tu kama ukiondoka nazo hiyo hela inatoka kwenye hesabu, na kama unabadilisha mbili usikatwe za nne.

Haya sasa umbali, na hapa ndo hesabu inapogeuka. Usishike kilomita za kwenye tangazo, shika kashata, yani kina cha mifereji ya tairi. Tairi mpya ya gari dogo mara nyingi ina kashata kama milimita 7 mpaka 8, na vile vialama vya kulika vilivyo ndani ya mifereji vinafika usawa wa kashata ikibaki 1.6, nchi nyingi hapo ndo mwisho wa sheria. Yule mteja tairi zake za zamani zilianza na 8, nikapima zimebaki 3, na amezitembelea kilomita 32,000. Kala milimita 5, kila milimita imempa kilomita 6,400. Hiyo ni namba yake yeye, barabara zake na mguu wake, ni bora kuliko ahadi ya mtu yoyote.

Duka la kwanza tairi ina kashata 7, la pili ina 8. Mi nashauri ukifika 3 badilisha, usisubiri 1.6, maana kwenye mvua tairi ya chini ya hapo inashindwa kusukuma maji vizuri. Kwahiyo ya kwanza ina milimita 4 za kutumia, kilomita 25,600. Ya pili ina 5, kilomita 32,000. Gawa sasa: 456 kwa 25.6 ni kama 17.8 kila kilomita elfu moja, 472 kwa 32 ni 14.75. Ile aliyoiona ghali ndo nafuu, na sio kidogo.

Ila hesabu hii inadai mpira wa tairi zote mbili ulike sawa, na sio lazima iwe hivyo. Mpira mgumu unadumu lakini mara nyingi unapoteza kushika kwenye barabara iliyolowa, kwahiyo mi sikimbilii kilomita nyingi peke yake, nauliza pia tairi inasimamaje kwenye maji.

Kuna na umri. Nikamuuliza kwa mwaka unatembea kiasi gani, akasema gari lake hili ni kilomita 8,000 hivi, basi 32,000 ni miaka minne, sawa kabisa. Lakini dada yake alikua anataka kununua tairi hizo hizo na yeye anatembea 4,000 kwa mwaka. Kwake kashata itamzidi muda, mpira utazeeka kabla. Tukaweka miaka sita ndo kikomo chake, ni kilomita 24,000 kwa tairi yoyote kati ya hizo, na hapo ya kwanza inatoka 19 kila elfu, ya pili 19.7. Kwa huyo ile ya bei ndogo ndo ilikua sahihi, ila nikamwambia asome kwanza zile tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, mbili za mbele ni wiki na mbili za nyuma ni mwaka, maana tairi iliyokaa stoo miaka miwili imeshamlia miaka miwili kati ya sita zake.