Ukimbizi na ukimbiaji: namna ya kuunda nomino za u- na kuhakiki kama watu wanazitumia

Kwenye vivumishi, kiambishi u- hakisumbui sana. Kutoka -gumu tunapata ugumu, kutoka -vivu tunapata uvivu, na hata maneno yenye asili ya Kiarabu yamekubali: usafi, urahisi, umaskini. Mzizi ukianza kwa e au i, u- hugeuka w-, ndiyo maana tunasema wema, weupe na wingi. Jambo la kuangalia hapa ni matumizi zaidi kuliko umbo. Urefu na ufupi yote ni maneno halali, lakini fundi akipima ubao mfupi bado atauliza urefu wake. Ufupi tunalikuta zaidi katika "kwa ufupi", au pale ufupi wenyewe unapozungumziwa.

Vitenzi ndivyo vinavyowachanganya waandishi, kwa sababu kitenzi kinaweza kupita njia kadhaa. Pika hutoa upishi, jenga hutoa ujenzi, linda hutoa ulinzi. Konsonanti ya mwisho inabadilika na neno linaishia na i. Haribu hutoa uharibifu, tulia hutoa utulivu. Penda na weza huishia na o: upendo, uwezo. Halafu ipo -aji, ambayo hukubali karibu kila kitenzi cha kutenda: usomaji, uchimbaji, uuzaji. Kwa kuwa -aji ni nyepesi, mtu huandika "uharibuji" au "uibaji" bila kusita. Kanuni haijavunjwa, ila wasemaji tayari wana uharibifu na wizi, na hawana haja ya neno la pili kwa maana ileile.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni kumtafuta mtendaji. Jiulize: anayefanya jambo hili anaitwa nani? Anayeuza ni muuzaji, basi kazi yake ni uuzaji. Anayenunua ni mnunuzi, basi ni ununuzi. Vitenzi hivi viwili hukaa pamoja sokoni kila siku, lakini nomino zao zimepita njia tofauti, na jina la mtu ndilo linalokuonyesha njia hiyo.

Kipimo hiki kina faida kubwa zaidi pale kitenzi kimoja kinapokuwa na watendaji wawili. Chukua kimbia. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa vita au mateso. Mkimbiaji ni mwanamichezo. Kwa hiyo ukimbizi ni hali ya yule wa kwanza, na ukimbiaji ni kitendo cha yule wa pili. Ukiandika "ukimbizi wa mita 100", msomaji atashtuka. Lakini usiishie hapo. Sikiliza watangazaji wa riadha: wanasema mbio za mita 100, mbio za marathoni. Ukimbiaji ni neno sahihi, na linaweza kufaa mwalimu anapoeleza mtindo wa mwanariadha, mathalani ukimbiaji wake wa kuinua magoti. Kwa shindano lenyewe, mbio limeshakalia nafasi hiyo.

Mtendaji hapatikani kila mara. Mmea hukua, na tunasema ukuaji, ingawa hakuna anayeitwa "mkuaji". Maji hupungua, tukasema upungufu. Hapo inabidi kutazama maandishi. Anza na kamusi, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, lakini kumbuka kwamba kamusi haiorodheshi kila neno la -aji. Kisha litafute neno likiwa na kihusishi chake, kwa mfano "upungufu wa", katika magazeti, hotuba za bunge au hazina ya matini kama ile ya Kiswahili ya Helsinki. Soma sentensi nzima, usihesabu tu matokeo. Tazama kama waandishi ni tofauti na kama kitenzi kinafuata upatanisho wa U: "upungufu umeongezeka". Neno linalorudiwa na tovuti moja tu, katika Kiswahili kinachonuka tafsiri, halijathibitishwa.

Maneno ya w- yana mtego wake. Ukitafuta "wema" utaletewa pia "watu wema", na hapo wema ni kivumishi, si nomino. "Weupe" na "wepesi" ni vivyo hivyo. Yatenganishe kwa kuangalia neno linalofuata: "wema wake umetusaidia" ni nomino, kwa sababu kitenzi kimeanza na u-, "majirani wema wametusaidia" si nomino. Urefu na ugumu hayana utata huu, maana kivumishi cha watu kingekuwa warefu au wagumu.