Mizani ya shairi haipatikani kwa kutia alama za mkazo

“Ukitaka kujua mizani na vina vya shairi, tia alama kwenye silabi zenye mkazo.”

Njia hiyo ni sahihi kwa ushairi wa Kiingereza, na wengi wetu tuliifundishwa darasani kupitia lugha hiyo. Shairi la Kiswahili la kimapokeo hupimwa kwa idadi ya silabi. Jaribu mishororo hii niliyoitunga:

Mtu akipanda mbegu, hungoja apate tunda,
Hufyeka yote magugu, asubuhi akienda.

Mkazo wetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Katika “Mtu akipanda mbegu” unaangukia silabi ya 1, ya 5 na ya 7. Katika “asubuhi akienda” ni ya 3 na ya 7 tu. Hakuna mpangilio. Lakini hesabu silabi kwa vidole: m-tu-a-ki-pa-nda-mbe-gu, nane. Vipande vyote vinne ni nane, yaani mizani 16 kwa mshororo.

Wanaoanza hukosea hasa kwenye m: katika “mtu” ni silabi kamili, katika “mbegu” imeungana na b. Tamka polepole utasikia.

Vina navyo ni silabi za mwisho wa kila kipande: gu na nda. Ukifuata mkazo, “mbegu” na “magugu” utadhani havina kina kimoja, kwa sababu irabu zenye mkazo ni e na u. Kwetu, gu kwa gu inatosha.