Kusoma namba kutoka kwenye picha ya grafu ya logi

Anayetengeneza king'amuzi cha gesi ya kupikia kwa sensa ya MQ-2 hukutana na tatizo moja mapema. Sensa haimpi kiasi cha gesi moja kwa moja. Inampa ukinzani, na ili ajue ukinzani huo ni sawa na gesi kiasi gani, inabidi arudi kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Humo hakuna jedwali, kuna grafu tu. Mistari kadhaa imeshuka kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja wa gesi ya mitungi, mwingine wa moshi, mwingine wa haidrojeni, na namba anayoitaka imelala mahali fulani juu ya mstari.

Picha kwenye kompyuta ni vidoti tu, yaani pikseli. Kila kidoti kina anwani ya namba mbili: ni cha ngapi kutoka kushoto, na ni cha ngapi kutoka juu. Programu yoyote ya kuchorea, hata Paint, huonyesha anwani hiyo unapopeleka mshale juu ya picha. Kusoma grafu kwa njia hii ni kuigeuza anwani ya kidoti kuwa thamani halisi, na kwenye skeli ya logi ugeuzaji huo una kanuni yake.

Kwenye skeli ya kawaida, umbali sawa ni nyongeza sawa. Kwenye skeli ya logi, umbali sawa ni kuzidisha sawa. Kutoka 100 hadi 1000 ni urefu uleule kama kutoka 1000 hadi 10000, kwa sababu kote umezidisha kwa kumi. Ndiyo maana mistari midogo ya gridi haiachani kwa nafasi sawa: kati ya 100 na 200 pana uwazi mkubwa, halafu mistari inazidi kubanana hadi kati ya 900 na 1000, kisha uwazi mkubwa unaanza upya. Ukiona kubanana huko, au maandishi ya mhimili yanayopanda kwa kuzidishwa, hiyo ni skeli ya logi. Kila mhimili uangaliwe peke yake, maana grafu nyingi zina logi upande mmoja tu. Kwenye grafu ya MQ-2 mihimili yote miwili ni ya logi.

Tuchukue picha niliyoikata mimi kutoka kwenye karatasi hiyo. Mhimili wa chini unaonyesha gesi kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika kila sehemu milioni za hewa. Alama ya 100 iko pikseli ya 80 kutoka kushoto, na alama ya 10000 iko pikseli ya 680. Kwenye mstari wa gesi ya mitungi nimechagua nukta iliyo pikseli ya 170. Umbali kutoka alama ya kwanza ni 170 − 80 = 90, na mhimili wote ni 680 − 80 = 600. Nukta iko kwenye 90/600, yaani 0.15 ya safari.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanachukua 0.15 ya tofauti kati ya 100 na 10000, wanaongeza 100, wanapata 1585. Hesabu haina kosa hata moja, ila jibu ni uongo. Safari ile ya 0.15 ni safari katika logi, si katika ppm. Logi ya 100 ni 2, logi ya 10000 ni 4. Kwa hiyo nukta yetu iko kwenye 2 + 0.15 × 2 = 2.3. Sasa rudi kutoka kwenye logi: 10 kwa kipeo cha 2.3 ni karibu 200. Jibu la kwanza lilizidi ukweli karibu mara nane, na king'amuzi kilichojengwa juu yake kitakuwa kinataja gesi ambayo haipo.

Mhimili wa wima una jambo lake la ziada. Pikseli huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, ilhali thamani hupanda kwenda juu. Katika picha yangu alama ya 10 iko pikseli ya 60, na alama ya 0.1 iko chini kabisa, pikseli ya 460. Nukta yetu iko pikseli ya 219. Naanzia chini: (460 − 219) / 400 = 0.6025. Logi ya 0.1 ni −1, logi ya 10 ni 1, basi −1 + 0.6025 × 2 = 0.205, na 10 kwa kipeo hicho ni 1.60. Huo ndio uwiano wa ukinzani wa sensa kwa ukinzani wake wa rejea pale gesi inapokuwa 200 ppm. Mwenye kupenda Python anaweza kuandika hivi:

```python
from math import log10

def soma(p, p1, v1, p2, v2):
    t = (p - p1) / (p2 - p1)
    return 10 ** (log10(v1) + t * (log10(v2) - log10(v1)))

print(soma(170, 80, 100, 680, 10000))
print(soma(219, 460, 0.1, 60, 10))
```

Kabla ya kuiamini namba yoyote, soma alama ambayo jibu lake unalijua. Kwangu alama ya 1000 iko pikseli ya 380, katikati kabisa. Kanuni inatoa 1000, basi vipimo viko sawa. Ingetoa 5050, ningejua nimesahau logi. Ingetoa 1040, ningeshuku picha yenyewe: pengine imepigwa kwa simu ikiwa imeinama, au imebadilishwa ukubwa baada ya mimi kuchukua vipimo vya alama. Kuinama hujulikana kwa kulinganisha pembe za fremu. Pembe ya chini kushoto na ya juu kushoto zinapaswa kuwa kwenye pikseli ileile ya mlalo. Zikipishana, nyoosha picha kwanza.

Kosa la pikseli moja nalo lina tabia yake hapa. Haliongezi kiasi maalumu, linazidisha. Kwenye mhimili wangu wa wima, kila hatua ya mara kumi ina pikseli 200, hivyo pikseli moja ni kosa la asilimia 1.2 popote ulipo, juu au chini. Picha ndogo yenye pikseli 50 kwa hatua ingenipa kosa la karibu asilimia 4.7. Kwa hiyo kuza ukurasa wa karatasi ya maelezo kabla ya kukata picha, na lenga katikati ya unene wa mstari.

Nukta ya pili niliyosoma iko 10000 ppm, pikseli ya 377 kwa wima, yaani uwiano wa 0.26, ambao logi yake ni −0.585. Mstari ni karibu wa kunyooka, basi mteremko wake katika logi ni (−0.585 − 0.205) / (4 − 2.3), karibu −0.465. Sensa ikinipa uwiano wa 1, ambao logi yake ni 0, logi ya gesi ni 2.3 + 0.205/0.465 = 2.741, sawa na 551 ppm. Lakini mteremko huo mdogo unalikuza kosa zaidi ya mara mbili: asilimia 1.2 ya uwiano inakuwa karibu asilimia 2.5 ya gesi, kiasi cha ppm 14 hivi. Ndiyo sababu kwenye daftari naandika 550, hata kama kompyuta imenipa desimali nne.