Televisheni inazima saa mbili, taa zinawaka: usikimbilie betri

"Fundi, betri imekufa." Huku Kongwa, Dodoma, nusu ya simu za wateja wangu huanza hivyo. Kijana ninayemfundisha kazi sasa hivi, somo lake la kwanza halikuwa kupanda juu ya bati na paneli ya sola. Lilikuwa kuuliza swali moja kabla ya kufungua begi la zana: televisheni ikizima, taa zinabaki?

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mama mmoja mwenye paneli ya wati 80, betri ya Ah 50, taa 4 na televisheni ndogo ya volti 12 pamoja na king'amuzi chake. Kila siku ikifika saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo inaanza, televisheni inazima. Fundi aliyetutangulia alimwambia betri imechoka. Mwanawe akanunua ya pili, ikaunganishwa ubavuni mwa ile ya kwanza, na televisheni ikaendelea kuzima. Nikamuuliza swali langu. Akajibu, "Taa zinawaka mpaka asubuhi, mwanangu."

Hapo nikajua betri huenda haina kosa. Betri ikiisha kweli, kontrola hukata vyote pamoja, taa na televisheni. Kikizima kimoja tu, mara nyingi umeme unapotea njiani kabla haujafika kwenye kile kifaa.

Yule fundi alikuwa na mita, na alipima. Alipata volti 12.6 kwenye betri na 12.6 kwenye plagi ya televisheni, akahitimisha kwamba waya ni mzima. Kosa lake ni kwamba alipima televisheni ikiwa imezimwa. Waya usiopitisha umeme hauonyeshi udhaifu wowote, kama mpira wa maji uliofungwa bomba mwishoni: presha ni ileile kote. Fungua bomba ndipo utaona mpira mwembamba unavyonyima maji.

Basi tukawasha televisheni na king'amuzi, vyote vikawa vinavuta kama ampea 3, tukapima tena. Kwenye betri: 12.4. Kwenye plagi: 9.7. Volti 2.7 zilikuwa zimemezwa na waya. Wala hakukuwa na haja ya kusubiri usiku, kwa sababu unachotafuta ni tofauti ya ncha mbili, na hiyo utaipata hata saa sita mchana.

Sababu ilikuwa darini. Mama aliongeza sebule, televisheni ikahamia huko, na waya ukarefushwa kwa ule mwembamba mwekundu na mweusi wa spika. Umbali ni mita 12, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 24. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 wa urefu huo, pamoja na viungo vyake, una ukinzani wa kama omu 0.9. Zidisha kwa ampea 3, unapata zile 2.7. Jioni betri ikiwa bado na volti 13 televisheni ilivumilia. Betri iliposhuka kidogo tu, ikashindwa.

Tulivuta waya wa milimita za mraba 2.5 na kuweka fyuzi karibu na betri. Upotevu ukashuka hadi nusu volti. Unaponunua waya huo, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nao utapoteza zaidi ya shaba halisi ya unene uleule. Wateja hunung'unika kulipia waya. Betri hulipia bila neno, kwa sababu inaonekana.

Kuna siku betri ndiyo mbovu kweli, na mita itakuambia pia. Ikiwa imepumzika inasoma 12.7, lakini ukiwasha televisheni inashuka hadi karibu 11 kwa dakika chache, tena hapohapo kwenye vichwa vyake, na taa zinafifia. Hiyo haiponywi na waya.

Televisheni ilipotulia, picha ikaanza kuganda na kukatika vipande. Mama akadhani tumeharibu. Tukafungua ukurasa wa king'amuzi: Signal Strength ilikuwa juu, lakini Signal Quality, yaani ubora wake, ilikuwa inapanda na kushuka. Kijana alitaka kupanda kuzungusha antena; nikamzuia, maana antena ilielekea kulekule zilikoelekea za majirani. Tukafuata waya wake hadi ukutani. Uliungwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni, ndani mna unyevu, na nyuzi mbili za ule wavu wa nje zilikuwa zinagusa uzi wa katikati. Tulikata pale, tukaunga kwa kiungio cha skrubu na kukifunga kwa utepe wa mpira. Ubora ukasimama, na safari hii habari zikasomwa mpaka mwisho.