"Ya simu kata nusu": dhana potofu kuhusu kurasa za bidhaa

Dhana: Kufupisha ni kukata aya za chini.

Wiki hii nimeambiwa tena: "Watu wa simu hawasomi, wewe kata nusu ya chini." Jamani! Kwenye kurasa nyingi za bidhaa ninazoletewa nizihariri, nyama iko chini. Kinachojaza kioo ni salamu.

Mwenye duka mmoja anauza presha kuka ya umeme. Maelezo yake yalianza na "Karibu dukani kwetu, tunakuletea bidhaa bora za kisasa kwa bei nafuu." Lita zilitajwa kwenye sentensi ya saba, waranti ya mwisho kabisa. Ukikata nusu ya chini, unabaki na makaribisho.

Mimi huanza kwa kuomba kuona wateja wanauliza nini WhatsApp. Kwake yalijirudia maswali matatu: inatosha watu wangapi, inakula umeme kiasi gani, na ikiharibika inakuwaje? Kisha kila sentensi naipima hivi: muuza pasi anaweza kuibandika kwake bila kubadili neno? Kama anaweza, inatoka. Zilitoka karibu zote, tukabaki na hivi, chini ya picha na bei, juu ya kitufe cha kununua:

> Lita 6, inatosha familia ya watu sita.
> Wati 1000: kuchemsha maharage saa nzima hakuzidi uniti 1.
> Waranti mwaka 1, fundi na vipuri vipo dukani.

Mwenye duka alitaka "inaokoa umeme." Kuliko nini? Wati 1000 zikiwaka saa nzima mfululizo ni uniti moja, na presha kuka hujizima na kujiwasha presha ikishafika, kwa hiyo hutumia pungufu. Anayenunua LUKU anaielewa hesabu hiyo mara moja.

Urefu wa waya, vifaa vilivyomo na programu za kupikia havikufutwa. Vimekaa chini, ndani ya kichwa cha kubofya kilichoandikwa "Vipimo na vifaa vilivyomo." Nakataa "Soma zaidi" kwa sababu haimwambii mtu atakuta nini.

Dhana: Maandishi ya kubofya Google haiyahesabu.

Inayahesabu. Hatari ni kuyafuta kwenye toleo la simu, maana toleo hilo ndilo Google inalolitumia kuorodhesha kurasa.

Dhana: Ukificha kwa `display: none`, ukurasa unakuwa mwepesi.

Maandishi yanapakuliwa vilevile, na picha iliyo kwenye `<img>` kwa kawaida nayo hupakuliwa. Mteja analipia bando la kitu asichokiona. Kama hakihitajiki, kiondoe kwenye ukurasa wenyewe.

Dhana: Sifa zote ziwekwe kwenye bango moja la picha.

Bango la upana wa pikseli 1080 likioneshwa kwenye nafasi ya 360, herufi za ukubwa wa 30 zinabaki 10. Lifungue kwenye simu yako mwenyewe, bila kulivuta kwa vidole, halafu nisomee waranti.