Kwa nini oksijeni nyingine haipandi hata ukiongeza lita

Pafu hufanya kazi kwa mizani. Upande mmoja ni hewa inayofika kwenye vifuko vyake vidogo, upande mwingine ni damu inayopita ukutani mwa vifuko hivyo. Mtu mzima aliyepumzika huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja. Katika hizo, 150 huishia kwenye koo na mirija, hazifiki mahali pa kubadilishana gesi. Zinabaki 350. Akipumua mara 12 kwa dakika, hewa inayofaa ni lita 4.2, na damu inayopita mapafuni ni kama lita 5. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.84. Huo ndio uwiano wa kawaida wa pafu zima.

Uwiano ukishuka, damu inapita penye hewa kidogo. Ukifika sifuri, damu inapita pasipo na hewa kabisa. Hali hizi mbili zinafanana kwenye kipimo cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni katika damu, ila zinaitikia oksijeni kwa namna tofauti, na hapo ndipo wengi wodini hukwama.

Chukua mgonjwa wa nimonia hapa Dodoma. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya akisoma 95 au 96 asikutie wasiwasi. Mwenzake wa Dar es Salaam atasoma juu kidogo. Mgonjwa wetu sehemu ya chini ya pafu la kulia imejaa usaha, na tuseme theluthi moja ya damu yake inapita humo. Damu hiyo iliingia ikiwa na asilimia 70 ya oksijeni na inatoka na 70 ileile. Theluthi mbili zinapita penye afya na kutoka na 95. Zikichanganyika, 23 na 63 zinakupa kama 87. Hiyo ndiyo namba utakayoiona kidoleni.

Sasa mpe oksijeni lita 5 kwa dakika kwa mirija ya puani. Penye afya oksijeni iliyobebwa na hemoglobini, protini ya damu inayoibeba, inapanda kutoka 95 hadi 100, basi. Kila molekuli ya hemoglobini ina viti vinne vya oksijeni, na vikishajaa hakuna pa kukaa abiria wa ziada, isipokuwa kiasi kidogo kinachoyeyuka kwenye maji ya damu. Penye usaha hakuna kilichobadilika. Mchanganyiko unafika 90 au juu yake kidogo. Mashine si mbovu, wala mrija haujaziba, ingawa hayo yakaguliwe kwanza.

Mwenye pumu ni tofauti. Mirija yake imebana, lakini hewa kidogo bado inapenya. Ukiongeza oksijeni katika ile hewa kidogo, vifuko vyake vinatajirika na namba inapanda vizuri, hata kwa lita 2. Hivyo mwitikio wenyewe ni kipimo: ikipanda upesi, hewa inafika, ikigoma, kuna damu inayopita pasipo hewa.

Mwili una kinga yake. Mshipa unaolisha sehemu yenye oksijeni kidogo hubana ili damu ielekee penye afya. Salbutamol, dawa ya kufungua mirija ya hewa, inaweza kulegeza mbano huo, ndiyo maana oksijeni ya mwenye pumu hushuka kidogo mara baada ya dawa huku kifua kikifunguka. Usiikatishe dawa kwa sababu hiyo. Endelea kumpa oksijeni.

Unaweza kuisaidia kinga hiyo kwa mkao. Kwa mtu mzima mwenye pafu moja bovu, mlaze ubavu ili lile zima liwe chini, kwa kuwa damu hufuata uzito wake. Kwa mtoto mchanga usifuate kanuni hii, kwani kwake hewa huingia zaidi pafu la juu.

Uwiano ukiwa juu mno, mambo yanageuka: hewa ipo, damu haipo. Mfano mkubwa ni donge la damu lililotoka mguuni na kuziba mshipa wa pafu. Mililita 100 katika zile 350 sasa zinaingia na kutoka bure, zimebaki 250. Ili apate lita 4.2 zilezile lazima apumue mara 17 badala ya 12. Ndiyo sababu anahema ilhali kifua ni safi ukisikiliza. Oksijeni nayo hushuka, kwa kuwa damu iliyozuiwa inajazana katika vifuko vilivyobaki na kushusha uwiano huko. Penye kifaa cha kupima kabonidayoksaidi kwenye pumzi ya kutoka, utaona namba iko chini, kwa sababu hewa ya vifuko visivyo na damu inaizimua. Ukipima ya damu ya ateri pamoja nayo, pengo la kawaida la milimita 2 hadi 5 za zebaki linakuwa limepanuka. Aliyepoteza damu nyingi baada ya kujifungua huonesha pengo hilohilo bila donge lolote: shinikizo limeshuka, na damu haifiki tena sehemu za juu za mapafu.